Somo: Barua ya mwenye nyumba kwa kampuni ya bima baada ya bomba kupasuka

Kabla ya kuandika chochote, funga koki kuu, piga picha maji yakiwa bado sakafuni, kisha hifadhi kipande cha bomba kilichopasuka. Mkadiriaji hasara atakitaka, kwa kuwa bima nyingi za majengo hulipia maji yaliyotoka ghafla, lakini hazilipii uvujaji wa muda mrefu wala uchakavu.

Hatua ya pili ni barua, nayo isicheleweshwe, maana mikataba mingi hudai taarifa ya mapema. Nyumbani kwangu Sinza, mpangaji wa juu alifungisha hita bila kuniarifu, kiungio kikaachia usiku, na dari ya jipsamu ikaangukia jiko la mpangaji wa chini. Niliandika hivi:

"YAH: TAARIFA YA MADHARA YA MAJI KATIKA NYUMBA YENYE BIMA TAJWA HAPO JUU

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Machi, bomba la maji ya moto la ghorofa ya juu liliachia kwenye kiungio cha hita iliyofungwa na fundi wa mpangaji. Dari na makabati ya jiko la chini yameharibika, na mpangaji wa chini amehama tarehe 16 Machi. Naomba mkadiriaji afike kabla sijaanza matengenezo. Aidha, naomba kujulishwa kwa maandishi kama bima yangu inajumuisha upotevu wa kodi, kwa miezi mingapi, na hesabu inaanza siku gani."

Utaona kwamba sikuandika neno "uzembe". Eleza kilichotokea, hukumu waachie wao.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huikosea, ni kuthibitisha kodi iliyopotea. Mpangaji wa chini alikuwa amelipa miezi sita kwa shilingi 600,000 kila mwezi, akakaa miwili. Fedha ilikwisha kuingia mfukoni mwangu, kwa hiyo hasara ilikuwa ile niliyomrudishia kwa miezi miwili ya ukarabati, yaani shilingi 1,200,000. Niliambatisha mkataba wa pango, risiti ya malipo na hati ya benki ya kurejesha fedha.

Maswali ya wanachama

Kwa nini nisimdai mpangaji aliyefungisha hita?
Unaweza, ila kampuni ikishakulipa, haki ya kumdai huhamia kwake kwa kiasi ilicholipa. Ndiyo maana hupaswi kumwandikia mpangaji kwamba umemsamehe. Ukifanya hivyo unaweza kupoteza fidia yako.

Mpangaji wa juu naye amegoma kulipa kodi tangu bomba lipasuke. Je, deni hilo nalo niliingize kwenye madai ya bima?
Hapana. Kifungu cha upotevu wa kodi hulipa pale tu sehemu inapokuwa haikaliki kutokana na madhara yaliyokatiwa bima. Huko juu kunakalika, hivyo hilo ni deni la kawaida kati yako na yeye.

Vyombo vya mpangaji wa chini vililowa. Bima yangu itavilipia?
Bima ya jengo haivigusi, ndugu yangu. Yeye atamdai aliyefungisha hita, au bima yake kama anayo.