Somo: Kurekebisha beringi za dira kabla ya kuchora mpaka wa shamba kwenye ramani (mfano wa Bahi, Dodoma)

Wakuu, wiki hii nimeulizwa zaidi ya mara moja: "Travesi yangu imefunga vizuri, mbona nikiiweka kwenye ramani kona zinakaa kando ya njia na mto?" Jibu lipo kwenye mchepuko wa sumaku, yaani pembe kati ya kaskazini ya dira na kaskazini halisi. Ukikosea mchepuko, umbo zima huzunguka kwa pembe ileile. Urefu wa pande, pembe za ndani na eka hubaki vilevile, na travesi inafunga kama kawaida. Kwa hiyo usitumie kufunga kwa travesi kama ushahidi kwamba mchepuko uko sawa.

Nachukua shamba la kona nne upande wa Bahi, tukizunguka kufuata mwendo wa saa. Vipimo ni vya mfano, ili kila mtu aweze kurudia hesabu. Na tuelewane: hii ni kazi ya mchoro, kutafuta mawe ya zamani au kuandaa kikao cha majirani. Upimaji wa kupata hati ni wa mpima ardhi aliyesajiliwa.

Hatua ya 1: Soma mbele na nyuma

Kila upande usomwe kutoka ncha zote mbili. Zikitofautiana 180° kamili, vituo vyote viwili viko salama.

A→B 72°30′, B→A 252°30′
B→C 158°00′, C→B 339°15′
C→D 250°00′, D→C 68°45′
D→A 340°00′, A→D 160°00′

AB na DA zimekaa sawa, kwa hiyo A, B na D hazina shida. Pande mbili zinazogusa C ndizo zenye kasoro. Kutoka B, ambayo ni safi, tumesoma 158°00′, basi C→B ilipaswa kuwa 338°00′. Tumepata 1°15′ zaidi. Pale C pana zizi lenye mabati na uzio wa seng'enge, na chuma hicho kinaivuta sindano. Toa 1°15′ kwenye kila beringi iliyosomwa C: C→D inakuwa 248°45′, inayolingana kabisa na D→C.

Anza na hili kabla ya kugusa mchepuko. Mvuto wa chuma ni wa kituo kimoja, mchepuko ni wa eneo zima. Ukivichanganya hutajua kipi kimekuharibia. Panga kiunoni na pikipiki uliyoegesha mita mbili nyuma yako navyo ni chuma.

Urefu ni AB 310, BC 240, CD 318 na DA 260, zote mita. Kwa beringi zilizosafishwa, travesi hii inafunga ndani ya nusu mita.

Hatua ya 2: Tafuta mchepuko wa leo

Usinakili namba iliyochapwa ukingoni mwa ramani ya zamani kama ilivyo. Ile ni ya mwaka ulioandikwa pale, na sumaku ya dunia haitulii. Tumia kikokotoo cha mtandaoni cha NOAA chenye modeli ya WMM2025, inayotumika hadi mwisho wa 2029. Weka latitudo, longitudo na tarehe uliyopima. Tuseme kimetoa 0°48′ magharibi, yaani D = −0°48′. Hiyo ni namba ya mfano; toa yako mwenyewe.

Hatua ya 3: Ongeza tofauti ya gridi

Hapa ndipo wengi wanaachia njiani. Mchepuko unakufikisha kaskazini halisi, lakini mistari ya ramani inafuata kaskazini ya gridi. Kwa kuwa mchepuko wetu huku kati ni mdogo, tofauti ya gridi, yaani γ hapa chini, haipotei ndani yake.

```
γ = (longitudo − meridiani ya kati) × sin(latitudo)
gridi = dira + D − γ
```

Latitudo ya kusini ni hasi. Bahi iko karibu na 35.31° mashariki na 5.98° kusini, ndani ya kanda ya UTM 36S ambayo meridiani yake ya kati ni 33°. Basi γ = 2.31 × (−0.104) = −0.24°, sawa na −0°14′. Jumla ya marekebisho: −0°48′ + 0°14′ = −0°34′.

AB inakuwa 71°56′, BC 157°26′, CD 248°11′ na DA 339°26′. Najua dira ya mkononi haisomi dakika moja moja. Lakini kosa la kusoma huenda huku na huku, wakati hili linasukuma kona zote upande mmoja, ndiyo maana linatolewa.

Sasa tuseme mtu amechukua 3° magharibi kutoka ramani ya zamani. Kaongeza 2°12′ zisizohitajika. Kutoka A hadi C ni kama mita 407, na kona C itahama karibu mita 16. Kwa jirani yako hizo ni mistari mingi ya mtama.

Hatua ya 4: Hakiki kwa mstari unaoujua

Tafuta vitu viwili vinavyoonekana kutoka kimoja hadi kingine, visivyo karibu na chuma, umbali wa kilomita moja na nusu au zaidi. Chukua koordineti zake kwa GPS, kokotoa beringi ya gridi, kisha isome kwa dira. Tofauti ndiyo marekebisho yako yote, pamoja na kasoro ya dira yenyewe. Usifanye kwa mita 200: GPS ya simu ikikosea mita 5 hapo, pembe inakosea digrii nzima na zaidi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, mimi niko Kongwa. Nitumie −0°34′ hiyohiyo?

Hapana, ndugu yangu. Ukivuka 36° mashariki unaingia kanda 37S, meridiani ya kati 39°. Kongwa iko kama 36.42°, hivyo γ inageuka kuwa +0°17′. Kwa mchepuko uleule, marekebisho yanakuwa −0°48′ − 0°17′ = −1°05′. Kama shamba limelalia mpaka wa kanda, chagua kanda ya ramani unayochorea na ukokotoe kila kitu kwa hiyo moja.

Natumia dira ya simu. Nirekebishe?

Angalia mipangilio kwanza. Programu nyingine zimeshaweka kaskazini halisi. Ukiongeza D tena umerekebisha mara mbili. Ikiwa hivyo, toa γ peke yake.

Nina beringi za sumaku za babu za mwaka 1984, nataka kutafuta mawe ya mpaka. Nianzie wapi?

Tafuta D ya 1984 kwa modeli ya IGRF, ambayo inarudi hadi 1900. Ongeza D hiyo, ukizingatia alama yake, upate beringi halisi. Kisha toa D ya leo, upate namba ya kufuata kwa dira yako shambani. γ haihitajiki kama huchori. Hakikisha tu kwamba beringi za kwenye karatasi kweli zilikuwa za sumaku.

Nimefuata yote, mwelekeo umekaa vizuri ila shamba zima limehama mita 300 hivi. Nimekosea mchepuko?

Mchepuko huzungusha, hauhamishi. Hiyo ni datamu, yaani msingi ambao koordineti zinahesabiwa juu yake: ramani zetu za zamani ni za Arc 1960, simu yako inatoa WGS84. Badilisha koordineti za kona A ziende Arc 1960, kisha uchore upya kuanzia hapo kwa beringi zilezile.