Jinsi ya kuandika barua ya kuomba kampuni ya bima irekebishe ada iliyopangwa kwa kazi isiyo yako

Ada ya bima ya moto haipangwi kwa thamani ya mali peke yake. Kampuni huuliza pia humo ndani panafanyika kazi gani, jengo limejengwa kwa vifaa gani, na majirani wanafanya nini. Muuza nyavu na fundi wa boti za faibaglasi wanaweza kupanga vyumba vinavyofuatana pale Kirumba, Mwanza, lakini kwenye bima hawafanani hata kidogo. Fundi ana madumu ya resini, dawa ya kuigandisha, asetoni ya kuoshea brashi na vumbi la msasa. Vyote hivyo vinashika moto upesi, kwa hiyo kiwango chake kiko juu. Muuza nyavu akiandikwa kazi ya fundi, analipia hatari ambayo haiko dukani kwake.

Kosa hili hutokea sana kwa bima zinazokatwa pamoja na mkopo wa benki. Ofisa anajaza fomu haraka, kwenye nafasi ya kazi anaandika maneno mawili matatu, kisha fomu inakwenda makao makuu kwa mtu ambaye hajawahi kufika Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Mfano nitakaoufuata hapa ni wa duka linalouza nyavu, kamba, maboya, injini za boti na vipuri vyake. Kwenye fomu iliandikwa "boti na vifaa vya uvuvi". Hati ya bima ikatoka imeandikwa kuwa kazi ni kuunda boti.

Anza kwa kusoma hati yenyewe, usiishie kwenye risiti. Tafuta ukurasa wa jedwali, wenye jina lako, eneo la duka, kiasi cha bima na kipindi cha bima. Humo kuna mstari wa kazi au biashara ya mkatiwa bima. Mara nyingi hati huwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kama huna uhakika mwambie wakala akusomee mstari huo na akuonyeshe kwa kidole. Karibu yake utakuta kiwango cha ada kwa asilimia. Kisha omba nakala ya fomu ya maombi uliyosaini. Karatasi hizi mbili ukizilaza pamoja mezani utajua kosa liliingia wapi: fomu ilikuwa sahihi na kampuni ikaisoma vibaya, au fomu yenyewe ilijazwa vibaya. Tofauti hiyo ina uzito, maana kosa la kampuni linakupa nguvu ya kudai marekebisho tangu siku ya kwanza ya bima. Kama fomu yenye saini yako ndiyo iliyokosewa, kampuni inaweza kukubali kurekebisha kuanzia tarehe ya barua yako tu.

Soma pia masharti maalumu yaliyobandikwa mwishoni mwa hati. Ukiwekwa kundi la waunda boti unaweza kukuta masharti ya chumba cha kutunzia resini au ya kutovuta sigara karakana. Hayo hayakuhusu, lakini yakiendelea kukaa kwenye hati yako yanaweza kuleta mabishano siku ya kudai fidia. Kwangu mimi hii ni sababu kubwa ya kurekebisha kuliko hata fedha.

Sasa piga hesabu. Viwango hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo chukua hivi kama mfano tu. Mali ya dukani ina thamani ya shilingi 60,000,000. Kwa kiwango cha asilimia 0.7 ada ni 420,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18, ambayo ni 75,600, unalipa 495,600. Kwa kiwango cha duka cha asilimia 0.3 ada ingekuwa 180,000, VAT 32,400, jumla 212,400. Kilichozidi ni 283,200. Kama kazi ndiyo imebadilika katikati ya mwaka, kwa mfano ulikuwa unaunda boti kweli na ukaacha baada ya miezi minne, huwezi kudai tofauti yote. Unadai ya miezi minane iliyobaki, yaani 160,000 kabla ya VAT.

Kusanya ushahidi kabla ya kuandika. Wa kwanza ni leseni ya biashara, kwa Kirumba ni ya Manispaa ya Ilemela, kwa sababu inataja aina ya biashara. Kama umesajili kampuni, toa taarifa yako ya BRELA inayoonyesha shughuli kwa namba za ISIC, yaani mpangilio wa kimataifa wa aina za biashara. Uundaji wa boti za uvuvi uko kwenye 3011, na rejareja ya zana za uvuvi iko kwenye 4763. Kampuni ya bima ina makundi yake na hailazimiki kufuata namba hizo, ila zinaonyesha umejitambulishaje serikalini. Ongeza orodha ya stoki na risiti chache za manunuzi. Piga na picha: mbele ya duka, rafu za ndani, stoo, na uwanja wa nyuma. Leseni ikiwa inasema kitu kingine, irekebishe hiyo kwanza. Barua inayopingana na leseni yake yenyewe haiendi popote.

Uwanja wa nyuma ndipo wengi wanapojiponza. Muuza injini anakuwa na pipa la maji la kujaribia injini mbele ya mteja, na pembeni kuna dumu la petroli. Pengine kuna kijana anayebadilisha plagi na kusafisha kabureta. Vitu hivi vitaje kwenye barua. Mkataba wa bima unasimama juu ya wajibu wa mwombaji kusema kila jambo linaloweza kugusa uamuzi wa kampuni. Ukiandika "tunauza nyavu tu" ili kiwango kishuke, halafu moto ukaanzia kwenye dumu lile, mkaguzi wa hasara ataiweka barua yako juu ya meza na fidia inaweza kukataliwa. Ni afadhali ukubaliwe kwa kiwango cha kati, pamoja na sharti la kutunza petroli nje.

Barua yenyewe iwe ya ukurasa mmoja. Usilalamike kwamba ada ni kubwa wala usitaje kampuni nyingine inayotoza nafuu, kwa sababu ukifanya hivyo utajibiwa na mtu wa mauzo. Zungumzia kazi inayofanyika dukani, ili barua ifike kwa wanaopima hatari. Inaweza kuwa hivi:

*Jina la duka*
*S.L.P. ........, Mwanza*
*Simu: ........*
*Tarehe: ........*

*Meneja wa Tawi,*
*Kampuni ya Bima ........,*
*S.L.P. ........, Mwanza.*

*Ndugu,*

*YAH: OMBI LA KUREKEBISHA AINA YA BIASHARA NA ADA, HATI YA BIMA NA. ........*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Hati tajwa inakinga mali iliyo katika duka letu lililopo Kirumba, kuanzia tarehe ........ hadi ........, kwa kiasi cha bima cha Sh. 60,000,000. Katika jedwali, biashara yetu imeandikwa kuwa ni kuunda boti. Sisi hatuundi boti wala hatujawahi kuunda boti katika jengo hili.*

*Biashara yetu ni kuuza nyavu, kamba, maboya, injini za boti na vipuri. Hakuna resini, asetoni, kazi ya faibaglasi wala uchomeleaji katika eneo letu. Nyuma ya duka, mahali pasipoezekwa, tunajaribu injini kwenye pipa la maji, tunabadilisha plagi na kusafisha kabureta. Petroli ya kazi hiyo haizidi lita 20 na hailazwi ndani ya duka. Jengo ni la matofali ya saruji na paa la bati.*

*Fomu ya maombi tuliyosaini ilitaja "boti na vifaa vya uvuvi". Tunaamini maneno hayo yalieleweka kuwa ni uundaji wa boti.*

*Kwa hiyo tunaomba: (1) aina ya biashara irekebishwe kwa hati ya marekebisho kuanzia tarehe ya kwanza ya bima, (2) masharti ya waunda boti yaondolewe, (3) ada ikokotolewe upya na tuonyeshwe kiwango kilichotumika, (4) tofauti pamoja na VAT yake irejeshwe. Mnakaribishwa kukagua duka siku yoyote ya kazi. Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 14.*

*Wako katika biashara,*
*(saini, jina, cheo, muhuri)*

*Viambatanisho: nakala ya jedwali, fomu ya maombi, leseni, orodha ya stoki, picha.*
*Nakala: Benki ........; Wakala ........*

Nakala ya benki usiisahau kama bima imefungwa na mkopo. Benki ina maslahi kwenye hati hiyo na kampuni inaweza kusita kuibadilisha bila wao kujua. Hizo siku 14 ni ombi lako la kuweka kumbukumbu. Peleka nakala mbili tawini, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Ukimpa wakala peke yake, huna cha kuonyesha kama barua ilifika.

Wakati unasubiri, usizuie malipo. Tanzania bima huenda na malipo, na ada isipolipwa kinga haipo. Lipa iliyoandikwa, kisha dai tofauti. Wakija kukagua, waonyeshe kila chumba, hata kile ulichompangisha mtu mwingine, maana mpangaji anayechomelea anaweza kupandisha kiwango cha jengo zima.

Majibu mazuri yana karatasi mbili. Moja ni hati ya marekebisho inayotaja kazi mpya, tarehe ya kuanza na masharti yaliyoondolewa. Nyingine ni hati ya punguzo inayoonyesha ada na VAT kila moja kivyake. Ahadi ya simu kwamba "tumeshabadilisha kwenye mfumo" haitoshi. Wakikupa chaguo la kupunguziwa mwakani badala ya kurejeshewa fedha, ni juu yako, lakini waandike kiasi.

Wakikataa, omba sababu kwa maandishi. Kama wanasema kazi yako ni hiyo hiyo waliyoiandika, hapo kuna ubishi wa ukweli unaoweza kuthibitishwa, na unaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, ukiambatanisha barua yenye muhuri na majibu yao. Kama wamekubali kazi ni duka ila kiwango chao cha maduka ndicho kikubwa, malalamiko hayatakufikisha mbali. Hapo tafuta bei kwingine, ila usivunje hati ya zamani kabla mpya haijaanza na benki haijaikubali.

Bima inapohuishwa mwaka unaofuata, fungua tena jedwali kwenye mstari ule ule wa kazi kabla ya kulipa. Hati mpya mara nyingi hunakiliwa kutoka taarifa za mwanzo, na maneno ya kuunda boti yanaweza kurudi hata kama hati ya marekebisho iko kwenye faili.