Kumjibu mwajiri mpya anayeulizia mfanyakazi aliyeondoka na jambo lisilokwisha

Mfanyakazi aliyeondoka vizuri hasumbui mtu. Unafungua faili, unaandika aya mbili, kazi imekwisha. Anayewapa maafisa utumishi wengi shida ni yule aliyejiuzulu huku kuna tuhuma mezani, uchunguzi ukabaki njiani, na sasa mwajiri mwingine anauliza, "Huyu ni mtu wa namna gani?" Nitamfuata huyo hatua kwa hatua.

Tuchukue mfano. Mtunza stoo alianza kazi Machi 2019, akaondoka Agosti 2023. Tathmini zake nne za mwaka zote ni "nzuri". Mwaka 2021 alipewa barua ya onyo kwa kuchelewa kuingiza bidhaa kwenye leja, na barua yenyewe ilisema itadumu miezi 12. Julai 2023 hesabu ya stoo ilionyesha upungufu wa katoni 14. Watu watatu walikuwa na funguo. Uchunguzi ukafunguliwa, lakini kabla hajahojiwa alileta barua ya kujiuzulu, na baada ya hapo hakuna aliyeendelea nao.

Hatua ya 1: Jua nani anauliza, na kama una ruhusa ya kujibu

Usijibu simu ya ghafla. Chukua jina na kampuni ya mpigaji, kisha tafuta mwenyewe namba ya ofisi yao na upige. Ombi la barua pepe lije kutoka anwani ya kampuni, likitaja kazi iliyoombwa. Halafu omba nakala ya idhini iliyosainiwa na mfanyakazi. Kuwa na jina lako kwenye wasifu wake hakutoshi, kwa sababu hakuonyeshi amekubali utoe habari zipi. Hakikisha pia kwamba wewe ndiye kampuni yako imekupa mamlaka ya kujibu. Msimamizi wa zamani anayejibu kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni anaifunga kampuni nzima kwa maneno yake.

Hatua ya 2: Soma faili kabla ya kuulizia kumbukumbu za watu

Hapa ndipo haki ya mtu hupotea, kwa hiyo usiharakishe. Gawa karatasi katika safu tatu. Ya kwanza ni yaliyoandikwa na kuthibitishwa: tarehe, cheo, tathmini, onyo. Ya pili ni yaliyodaiwa lakini hayakuamuliwa. Ya tatu ni yanayosemwa tu.

Katika mfano wetu, upungufu wa katoni 14 ni ukweli uliothibitishwa. Kwamba yeye ndiye aliyezichukua ni dai. Kwamba "alikimbia" ni maneno ya korido. Mambo haya matatu husimuliwa kwa pumzi moja, na msikilizaji huondoka akiamini ya tatu kwa sababu ya kwanza ni kweli.

Kuna kesi inayoonyesha uzito wa jambo hili. Katika shauri la Spring dhidi ya Guardian Assurance, lililoamuliwa na Bunge la Mabwana la Uingereza mwaka 1994 likiwa ndiyo mahakama ya juu, mwajiri wa zamani alikuwa amemwandikia mwajiri mpya kwamba mfanyakazi aliyeondoka hana uadilifu. Jaji aliyesikiliza ushahidi aliona kwamba mfanyakazi huyo aliyafanya makosa yake kwa kutojua kazi, si kwa udanganyifu. Ikaamuliwa kwamba mwajiri anayetoa taarifa ana wajibu wa uangalifu kwa mfanyakazi anayemwelezea. Sheria ya kwako inaweza kutofautiana, ila kipimo chenyewe kinafaa popote: je, uliangalia kabla ya kusema?

Safu ya tatu ikate yote.

Hatua ya 3: Amua kiasi cha kusema, na kiwe kilekile kwa wote

Kampuni nyingi hutoa jina, cheo, tarehe na basi. Hilo ni halali, mradi waliofanya vizuri nao wapewe hayo hayo. Ukimsifu mmoja kurasa mbili kisha huyu ukampa mistari miwili, ukimya wako umeshasema. Ongeza sentensi hii: "Kwa utaratibu wetu, wafanyakazi wote wa zamani hutolewa taarifa hizi tu."

Ukiamua kusema zaidi ya hapo, huwezi kuchagua upande mmoja. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya California, katika kesi iliyotokana na barua za sifa za mfanyakazi wa shule zilizoficha malalamiko ya mwenendo wake kwa wanafunzi, ilikubali kwamba mwandishi wa barua kama hiyo anaweza kuwajibika kwa madhara yanayomfika mtu mwingine. Panapokuwa na hatari kwa watoto au wagonjwa, usijifiche nyuma ya mistari miwili. Mwone mwanasheria kabla ya kutuma.

Hatua ya 4: Andika majibu

Mwajiri mpya wa mtunza stoo ameuliza maswali matatu: kwa nini aliondoka, je, palikuwa na suala la nidhamu, na je, ni mwaminifu. Ningejibu hivi:

"Alifanya kazi kwetu kama mtunza stoo kuanzia Machi 2019 hadi Agosti 2023, na alijiuzulu kwa barua. Tathmini zake za mwaka zilikuwa nzuri. Alipoondoka hakuwa na onyo lililokuwa likiendelea. Wakati huo kulikuwa na uchunguzi kuhusu upungufu wa bidhaa katika stoo iliyotumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Hakuhojiwa, uchunguzi haukukamilika, na hatukufikia uamuzi wowote dhidi yake. Hatutoi maoni kuhusu tabia binafsi ya mfanyakazi yeyote."

Onyo la 2021 sikulitaja kwa kuwa muda wake ulikwisha kwa maneno yetu wenyewe. Kama wangeuliza, "Je, amewahi kupewa onyo?" ningelitaja, pamoja na sababu na tarehe ya mwisho wake. Uchunguzi nimeutaja kwa sababu wameuliza. Kusema hapakuwa na chochote kungekuwa uongo. Lakini sentensi zinazoufuata ni lazima ziwepo. Ukizifuta, aya hiyohiyo inamwita mwizi bila kutumia neno hilo. Kama wangeuliza tarehe na cheo tu, nisingeugusa.

Ugonjwa, ujauzito, uanachama wa chama cha wafanyakazi na malalamiko aliyowahi kuyapeleka kwa kampuni visiingie kabisa, hata kwa kuzungukazunguka kama "alikuwa na changamoto za kifamilia".

Hatua ya 5: Wakikupigia baada ya barua

Watapiga. "Hapa kati yetu, ungemwajiri tena?" Mimi sijibu swali hilo, kwa sababu linataka hisia, nami nazungumza kwa niaba ya faili. Sema: "Barua niliyotuma ndiyo jibu letu kamili." Sema kwa sauti ileile uliyotajia tarehe, kuguna au kunyamaza kidogo ni taarifa pia. Kisha andika saa, jina la mpigaji na ulichojibu.

Hatua ya 6: Hifadhi, na sahihisha panapohitajika

Weka nakala kwenye faili lake. Iandike ukijua kuna siku anaweza kuisoma, maana katika nchi nyingi sheria za ulinzi wa taarifa binafsi au amri ya mahakama humfungulia njia. Ukigundua kosa, mathalani tarehe au jambo la mfanyakazi mwingine lililoingizwa kwake, tuma masahihisho siku hiyohiyo kwa mtu yuleyule, ukitaja sentensi iliyokosewa na sahihi yake, kisha umjulishe mfanyakazi mwenyewe, kwa kuwa huenda uamuzi wa ajira yake bado haujafanyika.