Eksi na oo ya boksi 9: jinsi ya kumtupa mwenzio kwa boksi asiyokuwa na lake

Hii eksi na oo kubwa tunaicheza sana barazani hapa Mombasa baada ya magharibi, karatasi moja na kalamu mbili za rangi tofauti basi. Watu wengi naona wanapigania kushinda boksi wanayocheza wakati huo na hawaangalii wanamtuma mwenzao wapi, na hapo ndo gemu inapotea.

Sheria haraka kwa mgeni: kuna boksi 9, kila boksi ina vyumba 9, jumla 81. Chumba unachocheza ndo kinaamua mwenzio atacheza boksi gani, ukiweka alama chumba cha juu kulia basi yeye anaenda boksi ya juu kulia. Akitumwa kwa boksi iliyokwisha kushindwa au iliyojaa, yuko huru, anacheza boksi yoyote iliyo wazi. Anayepata boksi 3 kwa mstari kashinda.

Hatua ya 1, weka namba. Boksi na vyumba vyote hesabu kama vitufe vya simu, 1 2 3 juu, 4 5 6 katikati, 7 8 9 chini. Ukizoea hivyo, kila chumba unakisoma kama anwani ya boksi.

Hatua ya 2, kabla ya kuweka alama orodhesha vyumba vilivyo wazi na boksi vinakopeleka. Tuchukue mfano, wewe ni X. Ushashinda boksi 1, yeye keshashinda boksi 3. Boksi 6 ana O mbili, chumba 1 na 4, anangoja 7. Boksi 9 pia ana mbili, 3 na 5, na huko pia anangoja 7. Boksi 7 haina kitu, boksi 8 imetulia, hakuna mwenye mbili. Zamu yako, umetumwa boksi 5, na iko hivi:

```
.  O  .
X  .  .
X  .  O
```

Mkono unawasha kuweka 1 ushinde boksi, si ndio? Lakini boksi 1 imekwisha, kwa hivyo umempa uhuru, anaruka hadi boksi 6 anaweka 7, anaichukua. Sasa ana 3 na 6 na anataka 9, ambako ana mbili tayari, na wewe kuanzia hapo huwezi tena kucheza chumba 9, wala 1, 3, 5 na 6 kwa sababu boksi hizo zimekwisha na zinampa uhuru wa kwenda huko huko 9. Umebaki na namba nne tu za vyumba vya kupumulia, 2, 4, 7 na 8, kwa gemu nzima.

Chumba 3 nacho kinampa uhuru na hujashinda chochote. Chumba 6 kinampeleka pale pale anapongoja. Chumba 8 si kibaya, kinampeleka boksi iliyotulia, ila huko ana nafasi nyingi za kuchagua akutume wapi.

Hatua ya 3, pima boksi unayomtuma kwa maswali mawili: je, anaweza kuishinda sasa hivi, na je, vyumba vilivyobaki huko vinanipeleka mimi wapi? Swali la pili ndo watu wanaruka, wanaona boksi tupu wanadhani ni salama, kumbe boksi tupu inampa njia 9 za kukutuma anapotaka yeye.

Hebu sasa tazama chumba 5. Kinamrudisha boksi 5 hiyo hiyo. Hawezi kuishinda maana O zake mbili, 2 na 9, haziko mstari mmoja. Na wewe sasa unaweza kuishinda kwa 1, kwa 3 au kwa 6, yeye anaziba moja tu. Njia zake ni nne: akiweka 1 au 3 wewe ndo huru, nenda boksi 6 uzibe 7. Akiweka 8 unaenda boksi 8 iliyotulia na zile nafasi zako tatu bado zipo. Akiweka 6 amekupeleka boksi 6 mwenyewe, unaziba 7 na yeye anaenda boksi 7 ambayo haina kitu. Hakuna hata moja inayokuuma, boksi kama hiyo ndo ya kumtumia mtu.

Hatua ya 4, baada ya kila zamu pima upya. Kama ameweka 6, sasa ana 6 na 9 ndani ya boksi 5, akirudi huko anaweka 3 anaichukua, kwa hivyo ile boksi 5 uliyomtuma kwa raha dakika moja iliyopita sasa usimtume kabisa, na yeye naye hatakutuma wewe, maana ukifika unashinda kwa 1 au 3. Mtaanza kuikwepa nyote wawili, na atakayeishiwa vyumba vingine kwanza ndo atalazimika kucheza 5, basi anza kuhesabu mapema ni boksi gani bado zina vyumba vya 2, 4, 6, 7 na 8 vilivyo wazi.