Pampu, bomba la dawa au plau: hesabu siku, si bei ya kukodi

Kwa wanaotaka kukodisha mashine kwa majirani huku Mwakirunge: gawanya bei ya kununua kwa faida halisi ya siku moja, kisha uulize majirani wataikodi siku ngapi kwa mwaka. Tuseme pampu ya petroli ni shilingi 24,000, unaikodisha 800 kwa siku, mafuta juu ya mkodi, na unatenga 200 za matengenezo. Zinabaki 600, yaani siku 40. Kiangazi cha Januari hadi Machi chaweza kuzimaliza, maana mchicha hausubiri. Plau hulipa zaidi kwa siku, lakini kila mtu huitaka kwa wakati mmoja mvua za masika zikikaribia, kisha inalala. Bomba la dawa ni rahisi kununua, ila lililopuliza dawa ya magugu lisiende kwenye mboga, mabaki huziunguza.

Hesabu ya pampu huharibika maji ya kisima yakiwa chini zaidi ya mita 7 hivi: pampu inayokaa juu ya ardhi haiyavuti. Pima kwa kamba kabla ya kununua, tena mwisho wa kiangazi, maji yakiwa yameshuka kabisa.