Kichwa au matako? Kupima mlalo wa mtoto kwa mikono, wiki ya 36

Wiki ya 28 karibu mtoto mmoja kati ya wanne ametanguliza matako, na wengi hugeuka wenyewe. Mimba ikitimia wanabaki 3 au 4 kwa kila 100. Ndiyo maana kipimo cha wiki ya 36 ndicho chenye uamuzi, na ndicho nawaelekeza hapa wanafunzi na wakunga wapya.

Hatua ya 1: Maandalizi

Mama aende kwanza haja ndogo. Kibofu kilichojaa hufanya uvimbe juu ya kinena, na mkono wa haraka huuita kichwa. Alale chali, magoti ameyakunja, na khanga iliyokunjwa chini ya ubavu wa kulia ili mimba isiubane mshipa mkubwa wa damu akapata kizunguzungu. Pasha mikono yako moto, kwa sababu mikono ya baridi hukaza tumbo. Tumia viganja, usichome kwa ncha za vidole. Tumbo likikaza, ngoja lilegee.

Kabla hujagusa, muulize mateke anayasikia wapi, na kama kuna kitu kinambana chini ya mbavu.

Hatua ya 2: Juu ya mfuko wa uzazi

Mtazame mama usoni, zungusha viganja viwili sehemu ya juu. Kichwa ni kigumu, cha mviringo, na kwa kuwa kina shingo, ukikisukuma kidogo kinacheza peke yake kati ya mikono yako, mwili umetulia. Matako ni laini zaidi na hayana umbo kamili. Ukiyasukuma, mwili wote unafuata.

Hatua ya 3: Pande zote mbili

Mkono mmoja utulie, mwingine upapase, kisha badilisha. Mgongo ni mrefu, mgumu na umenyooka. Upande wa pili utakutana na vinundu vinavyoponyoka: mikono na miguu. Ukikuta juu patupu, chini patupu, na kichwa kiko ubavuni, mtoto amelala kingamo.

Hatua ya 4: Chini

Shika kwa kidole gumba na vidole vinne, juu kidogo ya kinena. Mshiko huu unauma, kwa hiyo macho yako yabaki usoni kwa mama. Kisha geuka utazame miguu yake, teremsha mikono miwili pande za chini uone kilichotangulia kimeingia kwenye nyonga au bado.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Mtoto aliyetanguliza matako huku miguu imenyooka kuelekea usoni hushusha matako madogo, magumu, yakajikita kwenye nyonga kama kichwa. Juu nako kichwa kimebanwa na miguu, hakichezi inavyotakiwa. Kondo la nyuma likiwa limekaa mbele, au maji yakiwa mengi, kazi inazidi. Mimi siandiki mlalo kwenye kadi kwa kushika ncha moja tu.

Hatua ya 5: Mapigo ya moyo

Weka fetoskopu upande wa mgongo, huku umeshika mshipa wa mkono wa mama usije ukahesabu mapigo yake. Mtoto aliyetanguliza kichwa kwa kawaida husikika vizuri chini ya kitovu; wa matako husikika usawa wa kitovu au juu yake. Kawaida ni mapigo 110 hadi 160 kwa dakika.

Chukua mama wa mimba ya pili, kadi yake imeandikwa "kichwa". Chini kuna kitu kigumu kilichokwisha kushuka. Hilo lenyewe linatia shaka, maana kwa aliyekwisha kuzaa kichwa mara nyingi huchelewa kushuka.

"Mama, mateke unayasikia wapi?"

"Siyasikii sana, nesi. Ila hapa chini ya mbavu kuna kitu, nikiinama kinaniuma."

Majibu hayo yanalingana na miguu iliyonyooka juu. Aliyekunja miguu ndiye anayempiga mama teke kwenye kibofu. Moyo unasikika vizuri juu ya kitovu, kushoto. Huyo anakwenda ultrasaundi, na picha itaonyesha pia kondo lilipo, wingi wa maji na miguu ilivyokaa.

Akithibitishwa, mpe rufaa kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji, ajadiliane na daktari: kujifungua kwa njia ya kawaida, upasuaji, au kumgeuza mtoto kwa nje. Kugeuza hufanywa kuanzia wiki ya 36 kwa mimba ya kwanza, 37 kwa waliokwisha kuzaa, na hufaulu takriban nusu ya mara. Si kazi ya kukandwa tumbo nyumbani: kondo linaweza kubanduka.

Mama ambaye mtoto wake amelala kingamo usimpe tarehe ya kurudi kliniki. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Maji yakipasuka, kamba ya kitovu inaweza kutangulia na kubanwa. Ikishaonekana au kuguswa ukeni, mpigishe mama magoti, kifua chini na makalio juu, na asafirishwe mara moja akiwa hivyo au amelala ubavu huku makalio yameinuliwa.