Somo: Mnara wa tangi la lita 2,000, tangu kitako mpaka bomba la ndani

Asalaam aleykum. Mnara niliousimamisha mwanzo kwa mikono yangu ulikuwa Chake Chake, uwani kwa mama mkubwa, nyumba iko ubavuni mwa kilima. Nguzo tatu zilikaa kwenye udongo wa asili. Ya nne ilikaa kwenye udongo wa kujazia, pembeni ya shimo la maji machafu, na mimi sikujua au sikutaka kujua. Baada ya masika niliteremsha timazi kutoka juu, nikaona nguzo ile imeacha vidole viwili. Zege lilikuwa zima na nondo zilitosha, ila kitako kimoja kilizama na vitatu vikabaki. Kwa hivyo somo hili nalianzia chini.

Kwanza, uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi maji yetu ni kilo 2,000, na tangi lenyewe la plastiki tulipe kilo 50. Watu huishia hapo. Sasa tupime mnara: slabu ya mita 1.6 kwa 1.6, unene senti 12, ni kama kilo 740. Nguzo nne za senti 23 kwa 23, mita tatu juu ya ardhi na senti 80 chini, pamoja na bimu za juu na za katikati, zinakaribia kilo 3,000. Vitako vinne ni kilo 1,200 hivi. Jumla ni karibu tani saba. Yaani mnara una uzito mara mbili na zaidi ya maji unayoyabeba, na wote huo unaingia ardhini kupitia vitako vinne.

Pili, kitako. Gawa tani saba kwa nne: kila kitako kinabeba kama kilo 1,750. Kikiwa cha senti 70 kwa 70, kila mita ya mraba ya udongo inabeba kama tani tatu na nusu. Udongo mgumu hauhangaiki na mzigo huo. Udongo wa bondeni, ule unaokamatia kiatu, unahangaika, na hapo panua kitako kifike mita moja kwa moja, au hamisha mnara.

Chimba mashimo yote manne mpaka udongo mmoja. Ukiona shimo moja linatoa vipande vya tofali, majivu au mifuko, hapo ni pa kujazia: endelea kuchimba mpaka uipate ardhi ya asili, hata ikiwa shimo hilo litakuwa refu kuliko mengine. Na kaa mbali na shimo la choo, angalau mita tatu.

Mwaga zege jembamba la kusafishia, senti 5, kisha laza wavu wa nondo za milimita 12 kila senti 15, ukiinuliwa na vijiwe vya zege vya senti 5. Usiinulie kwa vipande vya mbao, vitaoza na kuacha njia ya maji. Juu yake mwaga zege la kitako, senti 25.

Tatu, zege na chumvi. Saruji ndoo moja, mchanga ndoo moja na nusu, kokoto ndoo tatu. Mchanga wa pwani usikanyage hapa, wala maji ya kisima cha chumvi. Chumvi hailili zege, inakula nondo. Nondo ikipata kutu inavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Dalili yake ni mstari wa rangi ya chai unaoteremka kwenye nguzo, kisha ufa uliosimama sawasawa na nondo. Ukifika hapo kupiga lipu ni kuficha tu.

Kila nguzo inataka nondo nne za milimita 12, ringi za milimita 8 kila senti 15, na zege la senti 4 nje ya ringi. Mwagia maji siku saba, magunia yakiwa mabichi muda wote. Mbao za chini ya slabu zikae wiki tatu. Tangi lijazwe baada ya siku 28, tena nusu kwanza. Ulale, asubuhi uteremshe timazi, ndipo umalizie.

Slabu iwe tambarare kama meza. Tangi la plastiki linataka kubebwa chini lote; likikaa juu ya mabonge au mbao zenye nafasi, kitako chake kinatumbukia na kupasuka pale pale. Acha vipande vinne vya nondo vilivyokunjwa vikitokeza pembeni, ufungie tangi kamba. Likiwa tupu ni kilo 50 tu, na upepo wa kusi hauliogopi.

Nne, bomba. Nguvu ya maji inatokana na kimo. Mita kumi za kimo ndiyo baa moja. Kwa mama mkubwa, uso wa slabu uko mita 3.2 kutoka ardhini, na shawa iko mita 2.4. Tangi likikaribia kuisha, shawa inabaki na senti 80 za kimo. Kwa nguvu ndogo namna hiyo huwezi kupoteza chochote njiani: toka tangini kwa bomba la inchi moja, ingia nalo mpaka ndani, punguza robo tatu kwenye matawi, na nusu inchi mwishoni tu.

Kwenye tundu la tangi weka nipo, yuniyoni, kisha valvu. Funga bomba ukutani mwa nguzo kwa klipu, lisining'inie kwenye nipo, maana hapo ndipo panapovuja mwanzo. Bomba literemke moja kwa moja. Likipanda juu ya dirisha kisha kushuka, hewa inakwama kwenye mgongo ule na maji hayapiti. Bomba la kufurikia liwe kubwa kuliko la kuingizia, na la kuingizia liwe na boya.

Masuali

*Kutoka Makunduchi: Kaka, kwetu ni maweni, jiwe liko shibiri moja chini. Nichimbe senti 80 vile vile?*

Hapana ndugu yangu. Safisha jiwe, kisha lipige kwa mtaimbo kila pahala pa kitako. Likilia kwa ukavu ni zima. Likitoa sauti ya mtungi, chini mna pango, hama. Jiwe zima litoboe, chomeka nondo kwa saruji, kitako cha senti 20 kinatosha.

*Kutoka Wete: Sinki la jikoni linatoa vizuri, shawa inadondoka tu. Fundi anasema niongeze mnara.*

Kabla ya kumlipa, fungua kichwa cha shawa. Maji yakitoka vizuri bila ya kichwa, matundu yameziba. Yakibaki dhaifu, fuata bomba: tafuta mgongo, au valvu yenye tundu dogo. Kama vyote vizima, pima kimo kama nilivyopima hapo juu. Hapo fundi atakuwa na haki.

*Kutoka Mkoani: Mwalimu, nikiondoa hili la elfu mbili nikaweka la elfu tano, presha itapanda?*

Haipandi, bibi, ila kwa zile senti chache za urefu wa tangi. Kinachopanda ni mzigo: kilo 3,000 za ziada, kila kitako kutoka kilo 1,750 mpaka 2,500, na tangi pana kuliko slabu. Kama shida ni akiba, liweke la elfu tano chini, usukume kwa pampu mpaka hili la juu.